Kisu Kilichoanguka Chenyewe

Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, hapa Kisumu, aliandika hivi katika insha: "Mguu wangu ulikatwa na kisu." Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta "na", nikaandika "kwa" juu yake. Kanuni ninaijua kama jina langu: anayetenda hutanguliwa na "na", kifaa hutanguliwa na "kwa". Tuseme Atieno anakata samaki aitwaye ngege: ngege amekatwa na Atieno kwa kisu. Basi.

Kesho yake akanifuata nje ya chumba cha walimu, daftari mkononi. "Mwalimu, hicho kisu hakuna aliyekishika. Kiliteleza mezani kikaniangukia." Nikasimama pale nikiwaza, kisha nikamrudishia alama yake. Alikuwa sahihi, na kosa langu lilitokana na jambo ambalo nimelisomea miaka mingi: nilidhani nomino "kisu" huzaliwa ikiwa kifaa na kufa ikiwa kifaa.

Tuanze na kiima, maana hicho ni rahisi kukitambua. Kiima ni kile kinachotawala kiambishi cha mwanzo wa kitenzi. "Kisu kimekata": ki- ya kitenzi inaitikia kisu, basi kisu ni kiima. Hapo hatujauliza nani alifanya nini. Tumetazama umbo tu.

Swali la pili ni la tukio lenyewe. Atieno yuko ufukoni Dunga, ana kisu, anakata ngege. Atieno ndiye mtenda: anakusudia, na mkono wake ndio unaosukuma. Ngege ndiye mtendwa, kwa sababu ndiye anayebadilika. Alikuwa mzima, sasa ni vipande. Kisu ni ala, maana nguvu ya Atieno inamfikia ngege kupitia hapo. Haya ni majukumu, na hayabadiliki hata ukiipindua sentensi:

Atieno amekata ngege kwa kisu.
Ngege amekatwa na Atieno kwa kisu.
Kisu kimekata ngege.
Ngege amekatika.

Sentensi nne, viima vitatu tofauti, na tukio ni lile lile. Katika ya kwanza kiima ni mtenda, katika ya pili na ya nne ni mtendwa, katika ya tatu ni ala. Tena angalia kwamba Atieno na ngege wote wanachukua a- kwenye kitenzi, hata kama ngege ameshalala juu ya ubao. Kwa hiyo kiambishi hakikwambii nani kamkata nani.

Mwanaisimu wa Marekani, Charles Fillmore, aliandika mwaka 1968 kwamba kuna foleni ya kugombea nafasi ya kiima katika sentensi ya kawaida. Mtenda akitajwa, yeye hutangulia. Asipotajwa, ala huingia. Ala nayo isipokuwepo, kinachobaki ni mtendwa. Sentensi ya kwanza, ya tatu na ya nne zinafuata foleni hiyo hatua kwa hatua. Ile ya pili ndiyo kazi ya -w- ya kutendwa: inamruhusu mtendwa kuruka foleni, na mtenda anasukumwa nyuma ya "na".

Unajuaje basi kwamba kisu kilichokaa kwenye kiima si mtenda? Jaribu kuongeza "kwa makusudi". "Atieno amekata ngege kwa makusudi" inapita. "Kisu kimekata ngege kwa makusudi" inachekesha. Au waunganishe: "Atieno na kisu wamekata ngege." Hakuna mwuzaji samaki atakayesema hivyo, ingawa kila mmoja wao anaweza kuwa kiima akiwa peke yake. Vitu viwili vyenye majukumu tofauti havikubali kufungwa kwa "na" moja.

Upande wa shamirisho nao una mtego, na hapa nina ugomvi kidogo na namna tunavyofundisha. Tunawaambia watoto kwamba katika "Atieno amemkatia Owino ngege kwa kisu", ngege ni shamirisho kipozi, Owino ni shamirisho kitondo, na kisu ni shamirisho ala. Jina hilo la mwisho linachanganya umbo na jukumu. Shamirisho ya kweli huweza kuingia ndani ya kitenzi: Owino ameingia, ndiyo ile -m-. Sasa jaribu kuingiza kisu: "amekikata". Maana imegeuka, sasa kisu chenyewe ndicho kimekatwa vipande! Kisu kikiwa nyuma ya "kwa" ni ala, lakini si shamirisho. Ukitaka kiwe shamirisho, lazima ukifungulie mlango kwa -i- ya kutendea: "Atieno amekatia samaki kisu." Kisha unaweza hata kusema "kisu hiki hukatiwa samaki tu", na ala imefika kwenye kiima. Jukumu halijasogea hata kidogo; kilichosogea ni nafasi.

Na Owino je? Ni shamirisho, tena ndiye aliyepata kiambishi, lakini hakukatwa popote. Yeye ni mtendewa, yaani anayekatiwa. Wanafunzi wanaosema "shamirisho ni yule anayetendwa" hukwama hapa kila mwaka.

Turudi kwa mguu wa yule msichana. Kisu cha Atieno ni ala kwa sababu kuna Atieno. Kisu kilichoteleza mezani hakina mtu nyuma yake, kwa hiyo hakuna anayekitumia. Kiko upande mmoja na upepo katika "mti umeangushwa na upepo". Hatusemi "kwa upepo", maana hakuna aliyeushika upepo akaangushia mti. Mwanaisimu mwingine, David Dowty, mwaka 1991, alipendekeza tuache kumwona mtenda kama sanduku lenye kifuniko, tuhesabu sifa zake: kukusudia, kuhisi au kutambua, kusababisha tukio, kusogea, na kuwepo bila kutegemea tukio hilo. Atieno anazo zote tano. Kisu kilichoanguka hakikusudii wala hakihisi, lakini kimesababisha jeraha, kimesogea, na kilikuwepo kabla ya ajali. Tatu kwa tano. Si mtenda kamili, ila katika tukio lile hakuna mwingine anayemkaribia, ndiyo maana "na" inakikubali.

Kipimo hiki cha "na" na "kwa" kina mpaka wake, na huku kwetu mpaka uko karibu sana. Mitaani watu wengi husema "kata na kisu", "piga na fimbo", na kwa anayezungumza Dholuo hilo halishangazi: "gi" ni ile ile kwa kuandamana na mtu na kwa kutumia kitu. Kwa hiyo ukisikia sokoni "alikatwa na panga", usikimbilie kusema panga lilianguka lenyewe. Uliza nani alikuwa amelishika. "Na" hukupa jibu kwa mtu anayezitenganisha "na" na "kwa" katika usemi wake tu.

Msichana yule sasa ananiletea mifano. Wiki iliyopita alikuja na wavu: mvuvi anautega jioni, analala, asubuhi anakuta samaki. Amenaswa na wavu, au kwa wavu? Mtu yupo, lakini wakati wa kunasa alikuwa kitandani. Nilimwambia "kwa wavu" kama tunamzungumzia mvuvi, "na wavu" kama tunamzungumzia samaki. Akaandika yote mawili, na alama ya kuuliza pembeni.