Laini ikipotea, hela ya kwenye simu inakuwa wapi?

Malalamiko tunayopokea siku hizi mengi yanafanana, mtu kapoteza simu anakuja analia hela zake zimeondoka na laini. Jamani, hela haikai kwenye laini! Salio lako limeandikwa kwenye mfumo wa kampuni na fedha yenyewe iko benki kwenye akaunti ya dhamana, laini ukiivunja vipande vipande salio halitikisiki. Kama ulikopa kwenye simu, deni nalo linakusubiri hapohapo.

Swali la maana ni mfumo unamtambua nani. Chukulia mama anauza samaki Feri, ana laki sita na arobaini kwenye simu, ila laini ilisajiliwa kwa kidole cha mpwa wake maana enzi hizo yeye hakuwa na namba ya NIDA. Simu imeibiwa kwenye daladala. Kapiga huduma kwa wateja kwa simu ya jirani, laini imefungwa, vizuri. Kesho yake kaenda dukani na losti ripoti ya polisi, anaweka kidole, mashine inakataa. Yule dada wa dukani hana roho mbaya, kwenye mfumo mwenye laini na mwenye hela ni mpwa, na mpwa yuko Mtwara. Mama anaijua pini, sawa, lakini pini hairinyuu laini. Mpwa ndo aende mwenyewe duka la huko aweke kidole, laini mpya itoke, na hapo mama amebaki na uaminifu wa mpwa tu. Kwa hiyo piga *106# leo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, namba yako isipokuwemo ujue ni ya mtu mwingine.

Kama laini ni yako kazi ni ndogo. Ukipiga huduma kwa wateja omba wafunge laini na akaunti ya pesa, taja vyote viwili. Mwizi bila pini hatoi hela lakini laini ikiwa hai anaweza kuomba hela kwa ndugu zako kwa jina lako. Ukirinyuu, laini ya zamani inakufa mpya ikishawaka, na salio unalikuta. Wakala wa barabarani akikwambia kidole hakijasoma rudia tena na tena, ondoka, huenda anasajili laini nyingine kwa kidole chako.

Na wanaoswapu laini za watu, yaani wanaorinyuu namba ya mtu kwa kujifanya ni yeye ili ihamie kwao, wajue kujifanya mtu mwingine kwa mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, faini haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Dalili ya kuswapiwa laini ni mtandao kukatika ghafla kwako wakati jirani wa mtandao huohuo anaongea, usisubiri urudi, azima simu upige muda huohuo.