Ukisikia mwangwi wa sauti yako kwenye mechi, kagua hedseti ya mwenzako

Msimu huu malalamiko ya sauti yameongezeka kwenye mechi za gemu za timu, na mengi yanawafikia waamuzi wetu kwa maneno yaleyale: "Hedseti yangu ina mwangwi, naomba muda niibadilishe." Mchezaji anapewa muda, anabadilisha hedseti, dakika za timu yake zinakwisha, na mwangwi uko palepale. Kitengo chetu cha ufundi kimeona ni vyema tueleze jambo hili hadharani, kwa sababu wachezaji wanaadhibiwa na kugharamika kwa kosa wasilolifanya.

Mwangwi humsumbua asiye na kosa. Unapozungumza, sauti yako inakwenda kwa wenzako na kutokea masikioni mwao. Ikiwa mmoja wao ana hedseti inayovujisha sauti, maiki yake inaidaka na kuirusha tena kwenye chaneli, nawe unajisikia ukirudi baada ya kitambo kidogo. Yeye mwenyewe hasikii chochote cha ajabu. Anapozungumza yeye, sauti yake hairudi, maana hakuna mwingine anayeirudisha. Kwa hiyo katika timu ya watu watano, wanne watalalamika na mmoja atasema kwa moyo mweupe kabisa, "Mbona kwangu kuko safi?" Huyo ndiye wa kuanza naye.

Kitambo hicho kidogo ndicho kinachoharibu mchezo. Sauti ya mtu ikimrudia masikioni ikiwa imechelewa takribani milisekunde 200, ulimi huanza kujikwaa. Ataburuta maneno, atarudia silabi, na mwisho atanyamaza. Ndiyo maana kiongozi wa timu anayetoa maelekezo mengi huonekana amechanganyikiwa, ilhali anapigana na sauti yake mwenyewe.

Hapa niseme wazi kuhusu mtandao, kwa kuwa tunalijibu hili kila wiki. Mtandao mbovu hukata maneno, huifanya sauti iwe kama ya roboti au huichelewesha. Haukurudishii sauti yako. Kumpigia mtoa huduma wa intaneti kwa sababu ya mwangwi ni kupoteza muda wako na wake.

Tuchukue tukio moja tulilolishughulikia. Timu ya watano ilikuwa inatumia Discord. Mchezaji wa 1, ambaye ndiye nahodha, aliomba kusimamisha mechi akiamini maiki yake imeharibika. Fundi wetu aliwaambia kila mmoja ahesabu moja hadi tatu kwa zamu, wengine wakae kimya na kutazama majina yao kwenye skrini. Wa 1 alipohesabu, duara la kijani liliwaka kwenye jina lake, na mara likawaka pia kwenye jina la mchezaji wa 4, ambaye hakuwa amefungua mdomo. Ikawa hivyohivyo kwa wa 2, wa 3 na wa 5. Wa 4 alipohesabu, liliwaka lake peke yake. Akanyamazishwa, mwangwi ukakatika papo hapo.

Endapo kila mmoja anajisikia akirudi, bila hata mmoja aliye salama, basi wanaovujisha ni wawili au zaidi. Hapo wote wajinyamazishe, kisha wawili wafungue maiki na kuzungumza, abadilishwe mmoja baada ya mwingine hadi wapatikane. Na kama unajisikia papo kwa papo, bila kuchelewa kokote, huo si mwangwi. Ama hedseti yako imetengenezwa ikusikilizishe sauti yako, ama kuna tiki kwenye "Listen to this device" katika kompyuta yako. Kwenye Windows utaipata kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika:

```
mmsys.cpl
```

Fungua "Recording", bofya maiki yako mara mbili, nenda "Listen" na uondoe tiki. Maneno ya mwenzako yakisikika mara mbili mbili nayo yana sababu nyingine: yuko kwenye chaneli ya gemu na ya Discord kwa pamoja. Afunge moja.

Turudi kwa mchezaji wa 4. Tulimwomba ashushe sauti ya masikioni hadi sifuri huku maiki ikiwa wazi. Mwangwi ulipotea, tukajua ni sauti ya masikioni inayoingia kwenye maiki. Lakini inapita wapi? Ziko njia mbili, na tiba zake hazifanani. Ya kwanza ni hewani: kikombe kimoja kimesogezwa nyuma ya sikio ili mtu asikie wanaomwita mlangoni, au mito imechakaa, au sauti imefunguliwa mno. Ya pili ni ndani ya waya. Hedseti nyingi za plagi moja ya milimita 3.5 zina pete nne: sikio la kushoto, sikio la kulia, maiki, na waya wa pamoja wa kurudishia umeme. Waya huo wa pamoja ukiwa mrefu, mwembamba au umelegea kwenye kiungio, sehemu ya umeme wa masikioni huchepukia kwenye maiki. Hakuna mlio wowote unaotoka nje, lakini wenzako wanaisikia gemu yako yote.

Kuzitofautisha ni rahisi. Mchezaji wa 4 alivua hedseti, akaviviringisha vikombe vyote viwili ndani ya blanketi zito, akaiacha maiki nje. Kama sauti inapita hewani, mwangwi ungefifia sana. Haukufifia hata kidogo. Tukamuuliza amechomeka wapi, akasema kwenye waya wa nyongeza wa mita mbili, ambao nao umeingia kwenye adapta. Akautoa ule waya na kuchomeka hedseti moja kwa moja. Mwangwi ukabaki kwa mbali, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

Mabaki yale yalitokana na kitu ambacho wachezaji hukigusa bila kukielewa. Kwenye ile "Recording", ndani ya "Levels", kompyuta nyingi zina kitelezi cha "Microphone Boost". Chake kilikuwa kwenye +30 dB. Desibeli 20 huukuza umeme wa maiki mara 10, na 30 huukuza zaidi ya mara 31. Kinakuza kila kilichomo: sauti yako, feni, na hayo mavujo tunayoyafukuza. Akakishusha hadi +10, mwangwi ukaisha kabisa. Sauti yake nayo ikapungua, kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa miezi yote hiyo maiki ilikuwa imeinuliwa karibu na paji la uso. Akaishusha ikakaa pembeni mwa mdomo, upana wa vidole viwili, nje ya njia ya pumzi. Wenzake wakamsikia vizuri kuliko mwanzo.

Kusogeza maiki ndiyo tiba kubwa ya kelele pia, nami nasikitika kuona inaachwa wakati watu wanatafuta programu za kununua. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako huongezeka kwa takribani desibeli 6, ilhali feni iliyo ukutani haijasogea, inabaki vilevile. Basi punguza ukuzaji kwa kiasi hichohicho na feni itashuka nayo. Baada ya hapo ndipo uende kwenye mipangilio ya sauti ya Discord, uzime upimaji wa kiotomatiki kwenye "Input Sensitivity" na uweke kizingiti mwenyewe. Kaa kimya ukibonyeza kibodi kama unavyocheza, tazama mstari unafika wapi, kisha weka kizingiti juu yake kidogo. Ukikizidisha, silabi za kwanza za neno zitamezwa, na "usiende" itawafikia wenzako kama "ende". Kwenye mechi hilo ni baya kuliko kelele.

"Noise Suppression" hufanya kazi nzuri kwa mlio usiobadilika kama wa feni. Washa moja tu. Ikiwa programu ya hedseti inasafisha na Discord nayo inasafisha, maneno hutoka yamenyofolewa. "Echo Cancellation" nayo ina mpaka wake: inaondoa sauti ambayo programu inajua imeitoa yenyewe. Mchezaji wa konsoli aliyeacha sauti ikitoka kwenye televisheni huku anaongea kupitia simu hawezi kusaidiwa nayo, kwa sababu simu haijui televisheni inasema nini. Na wanaotumia PS5 wakumbuke kwamba kidhibiti cha DualSense kina maiki ndani yake. Ukivaa hedseti ambayo haijachaguliwa kama maiki, kidhibiti kilichoko mikononi mwako ndicho kinachosikiliza, pamoja na kila kitufe unachobonyeza.

Sasa utaratibu, ambao tunaomba usomwe hadi mwisho. Ombi la kusimamisha mechi kwa sababu ya sauti linatolewa na nahodha peke yake, kwa maandishi, kwenye chaneli ya mwamuzi, na baada ya raundi kumalizika. Ombi la mdomo halihesabiki, kwani mwamuzi hawezi kuthibitisha kauli iliyotolewa kwenye chaneli yenye mwangwi. Andika namba ya mchezaji anayeshukiwa, jinsi hedseti yake ilivyounganishwa, na matokeo ya kuhesabu kwa zamu. Ombi lisilo na matokeo hayo linarudishwa, na dakika zilizotumika zinabaki zimetumika. Timu ina dakika tano kwa mechi nzima, zinazohesabiwa tangu mwamuzi anapoandika "imesimama", si tangu nahodha anapoomba.

Zikiisha, mchezaji anayevujisha hunyamazishwa na mwamuzi hadi mechi iishe, ila anaendelea kucheza. Akijifungulia maiki, ni onyo la maandishi. Akirudia katika mechi hiyohiyo, raundi hiyo inahesabiwa ushindi kwa wapinzani. Adhabu humfuata anayevujisha, hata kama aliyelalamika ni mwingine. Tumepokea rufaa nyingi zinazosema, "Mimi sikusikia mwangwi wowote." Tafadhali rudini aya ya pili. Kutosikia si utetezi.

Ukaguzi unafanyika dakika 20 kabla ya mechi. Njoo na hedseti ileile, waya uleule, na kama ni ya USB, ichomeke kwenye tundu ulilotumia ulipoipanga. Ukibadilisha tundu, Windows inaweza kuihesabu kuwa kifaa kipya na kukurudishia viwango vya mwanzo. Mchezaji wetu wa 4 alijikuta hapo wiki mbili baadaye, alipohamia hedseti ya USB: tundu jipya, kompyuta ikachagua maiki ya laptopu, na wanne wakaanza tena kusikia feni yake. Safari hii walihesabu kwa zamu wenyewe na kumaliza kabla mwamuzi hajaingia.