Kiti changu kimevunjika mguu, usikitamani

Leo asubuhi nimefungua imeli ya kazini hata chai haijapoa, ya kwanza kabisa, ya mwombaji kazi, inasema "ndani ya miaka mitano najiona nimekaa kwenye kiti chako." Ni ya nne wiki hii. Kiti chenyewe kina mguu mbovu, nimekiegemeza ukutani. Kuna mtu huko anawafunza vijana ati hivyo ndo kujiamini, na huyo mtu nina hakika hajawahi kusoma majibu 120 kwa siku mbili huku simu ya meza inalia.

Mie ni haichaa, yaani msimamizi wa kuajiri, wa hoteli hapa Malindi, huu mwaka wa 11. Kila Novemba kabla wageni wa Krismasi hawajamiminika tunatafuta watu wa risepsheni, na sivii yako ikipita mchujo wa kwanza unapata ujumbe mfupi: jieleze, utupe na malengo yako ya miaka 5, maneno 150 tu. Watu wanadhani hilo la pili linapima ukubwa wa ndoto. Silipimi hivyo. Nasoma sentensi ya kwanza, naruka mpaka penye miaka mitano, halafu narudi katikati kuangalia kama kuna njia ya kutoka hapa mpaka pale, na kama hii kazi ninayotoa iko kwenye hiyo njia. Basi. Ukiomba risepsheni na mwisho wake unataka kuwa mhasibu wa benki, lengo zuri Mungu akufanikishe, lakini mie hapo katikati natafutwa nini?

Mwaka jana binti wa jirani yangu, wa kule Ganda, alikuja na jibu lake kwenye simu. Alikuwa ameomba hoteli nyingine, si kwetu, ndo maana nikakubali kusoma. "Shangazi nikosoe." Alikuwa ameandika hivi: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, napenda kujifunza, nafanya kazi vizuri na wenzangu na naweza kuhimili presha. Baada ya miaka mitano nataka kuwa meneja mkuu wa hoteli kubwa ya kitalii." Nikamwambia tufute kila neno ambalo hata mwizi angejisifia nalo. Mwaminifu, mwizi anasema. Mchapakazi, pia. Tulipomaliza ikabaki meneja mkuu peke yake, imening'inia hewani.

Nikamuuliza, sasa hivi wafanya nini? "Si chochote shangazi, niko tu kibanda cha M-Pesa cha mjomba." Hapo nikakaa vizuri.

Wasiojua, wakala wa M-Pesa ana keshi kwenye droo na floti kwenye simu. Mteja akitoa pesa, keshi inashuka floti inapanda, akiweka inakuwa kinyume, lakini ukijumlisha zote mbili jioni lazima upate mtaji uleule. Mtaji wa mjomba ulikuwa 80,000. Jioni moja binti akajumlisha akapata 78,500. Akachukua daftari wanaloandikisha wateja, akalilinganisha na meseji za simu mstari kwa mstari, akakuta mstari mmoja wa kutoa 1,500 ambao hauna meseji: alimpa mteja keshi kabla muamala haujaingia, watu walikuwa wengi, na ule muamala haukukamilika. Akampigia mteja kwa namba iliyo daftarini, kesho yake akaja akaumalizia. Anasimulia haya kama aibu, manake kosa lilikuwa lake! Nikamwambia mwanangu hilo ndo jibu lako, andika.

Kwa sababu, na hapa ndo nataka watu wanisikize, risepsheni ya hoteli ina zamu ya usiku inayofunga hesabu za siku, nait odit tunaiita. Mtu anakaa peke yake, analinganisha keshi, kadi na M-Pesa zilizopokewa na bili za wageni chumba kwa chumba, anatafuta tofauti iko wapi, ndo anageuza tarehe kwenye mfumo. Ni kazi ileile ya kibandani, kubwa zaidi na yenye usingizi. Mtu akinionyesha anajua kutafuta 1,500 iliyopotea, sihitaji aniambie ni mwaminifu.

Na malengo yakajitokeza yenyewe, hatukuyatunga. Meneja mkuu tulimtoa, si kwamba hawezi kufika, ila kutoka kaunta ya risepsheni kuna nait odit, kuna supavaiza wa zamu, kuna msaidizi wa meneja wa risepsheni, kuna meneja wa risepsheni mwenyewe, na kote huko kuna watu wamekaa. Ukiruka zote mie msomaji naona hujui kazi unayoiomba ina ngazi gani. Hivi ndo alivyopeleka mwisho:

"Nafanya kazi kwenye duka la M-Pesa mwaka wa pili sasa, nafunga hesabu kila jioni. Siku moja zilipungua 1,500, nikalinganisha daftari na meseji nikapata kosa ni langu, nilitoa keshi kabla muamala haujaingia. Siku hizi sitoi kabla ya meseji hata foleni ikiwa ndefu. Kiitaliano changu ni cha kusalimu na kuelekeza njia. Mwaka wa kwanza nataka nijue zamu zote za risepsheni na niweze kumweleza mgeni bili yake kwa Kiitaliano. Kufikia mwaka wa tatu niwe nafunga hesabu za usiku, na wa tano niwe supavaiza wa zamu."

Haifiki hata maneno 100. Yaliyobaki aliyaacha, hakuna anayekulipa kwa kujaza.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka, ati andika "nitabaki nanyi miaka yote mitano." Jamani. Mkataba wenyewe ni wa miezi 6, mvua za masika zikianza Aprili nusu ya wafanyakazi wanarudishwa nyumbani bila mshahara, na sie tunaojua hivyo ndo tunaouliza habari ya miaka mitano. Hapo sina pa kujitetea. Nimemwambia bosi mara mbili tuulize miaka 2, akasema fomu iko hivyo. Na kama swali lenyewe linatabiri chochote pia sijui, sijawahi kurudi kwenye majibu ya zamani nikaangalia waliojibu vizuri ndo waliodumu au la. Nina hakika kuna wazuri niliowakata kwa sababu kuandika kuliwashinda tu.

La kutaka kufungua biashara yako mwenyewe usiniulize niliseme au nilifiche. Mie nikiona "nataka nyumba yangu ya wageni Watamu, kwa hiyo nataka nijifunze kwanza kupanga vyumba na kufunga hesabu" namwita, manake huyo atakuwa macho kazini. Mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja anamkata hapohapo, anasema atatuibia wateja. Tumebishana tangu corona haijaja.

Binti aliitwa intavyu. Walimkalisha dakika 20 wakimuuliza ile 1,500, mteja alikubalije kurudi, na kama asingerudi angemwambiaje mjomba. Miaka mitano hawakuigusa. Akapewa mkataba, miezi 6.