Propozo ya mzigo wa kazi na kuridhika kwa walimu: utangulizi unakwama wapi

Kwa sisi tunaosimamia wanafunzi wa masta ya elimu, mada ya mzigo wa kazi na kuridhika kwa walimu inaletwa sana, na ni mada nzuri tu, ila sura ya kwanza inarudishwa kwa sababu ileile kila mara. Mtu anaandika "walimu wengi wana mzigo mkubwa wa kazi hivyo hawaridhiki", anaweka nukta, anahamia malengo. Hayo bado ni malalamiko, na jibu ameshalitoa kabla hajatoka kwenda kukusanya data.

Anza na swali moja: huo mzigo unaupima kwa kipimo gani? Wengi wanachukua idadi ya vipindi kwa wiki kwa kuwa ipo kwenye ratiba ukutani, basi wanaishia hapo. Sasa chukua mfano wa walimu wawili wa sekondari moja ya kata, wote wana vipindi 24, kila kipindi dakika 40, maana yake saa 16 darasani. Wa kwanza anafundisha Kiswahili Kidato cha Pili, mikondo minne, kila mkondo wanafunzi 60. Akikusanya madaftari mara moja tu kwa wiki anakuwa na madaftari 240, na kila daftari akilipa dakika 3, hizo ni dakika 720, yaani saa 12 za kusahihisha ambazo hazimo kwenye ratiba yoyote. Wa pili anafundisha Fizikia, wanafunzi wake wote jumla ni 90, kwa mwendo uleule anamaliza kwa saa 4 na nusu. Lakini huyu wa Fizikia anaingia vidato vitatu, kwa hiyo andalio la somo anaandika la aina tatu na maabara anaiandaa mwenyewe, wakati mwenzake andalio moja linamtosha mikondo yote minne. Kwenye dodoso lako linalouliza vipindi tu hawa wawili wako sawasawa kabisa, halafu unashangaa kwa nini uhusiano hauonekani! Bado zamu, bado ualimu wa darasa, bado vikao.

Ukishaona hivyo, tatizo la utafiti linajiandika lenyewe, mfano hivi:

"Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 wanafunzi wameongezeka katika shule za umma nchini Tanzania, na kazi ya mwalimu nje ya kipindi imeongezeka pamoja nao. Hata hivyo mgawanyo wa kazi shuleni bado unaangalia zaidi idadi ya vipindi. Utafiti huu utachunguza kama saa za kusahihisha, kuandaa na majukumu mengine zina uhusiano mkubwa zaidi na kuridhika kwa mwalimu kuliko vipindi vyenyewe."

Ile sentensi ya kati usiiache hewani, nenda kwenye shule za wilaya yako uangalie kazi inagawanywaje kabla hujaiandika.

Kwenye malengo, angalia vitenzi. Kama utagawa dodoso mara moja tu, andika "kuchunguza uhusiano", usiandike "kubaini athari", sababu mwalimu ambaye ameshakata tamaa anaweza kuuona mzigo wake mkubwa kuliko ulivyo, na dodoso la siku moja haliwezi kukuambia kipi kilitangulia. Malengo matatu yanatosha: kupima saa halisi za kazi kwa wiki, kupima kuridhika, kisha kuangalia uhusiano. Na kuridhika usikupime kwa swali moja, jamani. Herzberg na wenzake mwaka 1959 walishaonyesha kwamba vinavyomkera mtu kazini, kama mshahara na usimamizi, sio lazima viwe vilevile vinavyompa raha ya kazi yenyewe. Mwalimu anaweza kuwapenda sana wanafunzi wake huku amechoka kusubiri kupandishwa daraja, ukichanganya yote kwenye alama moja unapoteza habari. Daraja, miaka kazini na nyumba ya kuishi viulize pia, la sivyo utausingizia mzigo hasira ambayo imetoka kwenye mshahara.

Umuhimu wa utafiti ndiyo sehemu inayoandikwa kivivu kuliko zote, "utawasaidia watunga sera". Mtaje mtu na maamuzi yake. Mwalimu wa taaluma ndiye anayepanga ratiba, matokeo yako yakionyesha kwamba madaftari ndiyo yanayochosha basi ana cha kufanya muhula huohuo, anampunguzia zamu mwenye mikondo mikubwa. Afisa elimu wa halmashauri anapata kigezo kingine cha kuombea walimu, zaidi ya kuhesabu vichwa. Ila yote haya yanategemea majibu ya kweli, kwa hiyo dodoso lisiwe na jina na lisikusanywe na mkuu wa shule, likipitia mezani kwake walimu wote watakuandikia kwamba wameridhika.