Kulipa Kodi ya Miezi Sita kwa Mpigo: Punguzo Lina Bei Yake

Malalamiko ya aina moja yamezidi katika dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mombasa. Mpangaji amelipa kodi ya miezi sita kwa mpigo, akapunguziwa, kisha kabla ya muda kwisha akalazimika kuhama, na sasa anataka salio lake. Mwenye nyumba naye anasema hakuna salio. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli kwa namna yao, kwa sababu hawakuandika chochote kuhusu siku ya kuhama mapema.

Tuanze na swali tunaloulizwa karibu kila wiki: hapana, hakuna sheria inayompa mpangaji haki ya punguzo kwa kulipa mapema. Ni mapatano. Mwenye nyumba akikataa, hajakukosea.

Tuchukue mfano wa baharia anayerudi melini na anataka kuiacha familia yake Bamburi bila wasiwasi wa kodi. Nyumba ni shilingi 18,000 kwa mwezi, kwa hivyo miezi sita ni 108,000. Anaomba apunguziwe nusu ya kodi ya mwezi, alipe 99,000. Je, ni bei ya haki?

Mwezi wa kwanza angelipa leo hata hivyo. Mwezi wa pili anautanguliza kwa mwezi mmoja, wa tatu kwa miwili, hadi wa sita anaoutanguliza kwa mitano. Ukijumlisha, ni sawa na kumwachia mwenye nyumba 18,000 kwa miezi 15. Kama pesa hizo zingemzalia baharia asilimia 10 kwa mwaka, basi amepoteza shilingi 2,250 peke yake. Yeye anapewa 9,000. Hiyo 6,750 iliyozidi si zawadi. Mwenye nyumba anailipia hakika ya kutofukuzana na mpangaji kila tarehe tano na ya kutokaa na nyumba tupu, na mpangaji anailipwa kwa kubeba hatari ya pesa zake kukaa mikononi mwa mtu mwingine. Kwa hivyo ukiona mtu asiyekujua anakukimbilia na “lipa mitano ukae sita”, jiulize ni hatari gani unayouziwa.

Sasa turudi kwa baharia. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu mkewe anapata kazi Malindi. Anatoa ilani ya mwezi mmoja, na mwisho wa mwezi huo anakabidhi funguo. Anadai shilingi ngapi?

Mpangaji atasema alikuwa akilipa 16,500 kwa mwezi, ametumia 49,500, arudishiwe 49,500. Mwenye nyumba mwenye roho nzuri atasema punguzo lilikuwa la kukaa miezi sita, hukukaa, kwa hivyo miezi mitatu inahesabiwa kwa 18,000, yaani 54,000, na salio ni 45,000. Mwenye nyumba mwingine atasema tulikubaliana miezi sita kamili, umehama kwa hiari yako, hudai kitu. Huyu wa tatu watu humwita mwizi hapa dawatini, na huwa tunawakatiza. Kama mkataba ni wa muda maalumu wa miezi sita na hauna kifungu cha kutoka mapema, hoja yake ina nguvu. Ilani ya mwezi mmoja ni ya upangaji wa mwezi hadi mwezi. Haiuvunji mkataba wa muda maalumu kwa sababu tu umeizoea.

Kifungu cha kuzuia haya yote hakizidi sentensi nne. Taja kwamba kodi ya kawaida ni 18,000 na kwamba 99,000 ni kodi ya miezi sita kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Taja kwamba mpangaji akihama mapema kwa ilani ya mwezi mmoja, miezi aliyokaa itahesabiwa kwa kodi ya kawaida, na salio litarudishwa katika siku mlizokubaliana au nyumba ikipata mpangaji mwingine, lolote litakalotangulia. Taja kwamba mwenye nyumba akiuvunja yeye, hesabu ni kwa bei ya punguzo na salio lote hurudi. Mwisho, taja kwamba dipoziti ni pesa nyingine kabisa. Hili la mwisho tumelisema mpaka tumechoka: dipoziti si kodi ya mwezi wa mwisho, na kodi ya mbele si dipoziti.

Mkataba wa muda usiozidi miaka miwili usio na haki ya kuongezwa unaweza hata kuwa wa mdomo chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012. Lakini wa mdomo utauthibitishaje? Na ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zimetoka kwako zikaingia kwa fulani; hausemi ni za miezi mingapi. Mkataba wa maandishi nao unatakiwa ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia moja ya kodi ya mwaka kwa mikataba isiyozidi miaka mitatu, ndani ya siku 30 tangu kutiwa saini, kupitia iTax. Usipolipiwa, mahakama inaweza kukataa kuupokea kama ushahidi hadi ushuru na faini vilipwe. Muhuri wa wakili si ushuru wa stempu.

Kwa wenye nyumba: pesa ya miezi sita hutangazwa KRA katika mwezi uliyoipokea, wala haigawanywi kwa sita. Mwenye mapato ya kodi yanayozidi 288,000 kwa mwaka na yasiyozidi milioni 15 hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote bila kutoa gharama. Ya 99,000 ni 7,425, na mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuchelewa kuwasilisha ni faini ya 2,000 au asilimia tano ya ushuru, iliyo kubwa, kwa mtu binafsi. Kuchelewa kulipa ni asilimia tano nyingine na riba ya asilimia moja kila mwezi. Wengi huitumia pesa yote kupaka rangi, kisha tarehe 20 inawakuta mikono mitupu.

Kabla ya kutoa pesa, mpangaji ajue anamlipa nani. Ajenti akuonyeshe usajili wake katika Bodi ya Usajili wa Maajenti wa Nyumba na barua ya mwenye nyumba inayomruhusu kupokea kodi ya zaidi ya mwezi mmoja. Ukifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ukakuta jina lingine, usikimbilie polisi. Mombasa tuna nyumba bila ardhi: jengo ni la mtu, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Hapo uliza risiti za hiyo kodi ya ardhi na uone kama zimefika mwezi huu. Mwenye jengo anayedaiwa na mwenye kiwanja anaweza kuondolewa, nawe ukiwa umeshalipa mpaka mwezi wa sita. Kwa nyumba ya namna hiyo, mimi nisingelipa zaidi ya miezi miwili, punguzo liwe lolote.

Mkishindwa kupatana, Baraza la kodi za nyumba husikiliza nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo nyumba ya baharia wa Bamburi haimo. Dai la kurudishiwa pesa lisilozidi milioni moja hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, unakoweza kujiwakilisha mwenyewe. Beba mkataba, taarifa ya M-Pesa au benki, nakala ya ilani, na ushahidi wa siku uliyokabidhi funguo. Hiki cha mwisho ndicho wengi wanachokosa. Mwombe mlinzi au mwenye nyumba atie saini karatasi yenye tarehe na usomaji wa mita za maji na stima, kwa sababu bila hiyo atadai ulikuwa bado ndani.