MANOVA yako imepita, sasa hizo ANOVA tatu utaziripoti aje?

Kwa kitengo chetu cha takwimu hapa Kisumu, watu wengi wanaokuja na tesisi zilizorudishwa hawajakosea hesabu, wamekosea kuandika. MANOVA wamefanya vizuri, ikapita, wakafuata na ANOVA moja moja kwa kila kipimo, halafu wakaandika "marekebisho ya Bonferroni yalitumika" na kuendelea na maisha. Mkaguzi anauliza swali moja tu, yalitumika wapi? Hapo mtu ananyamaza, kwa sababu ukweli ni kwamba alibonyeza Bonferroni mahali fulani kwa softwea na hajui ilirekebisha nini.

Nataka tupitie mfano mmoja mpaka mwisho. Namba nimezitunga mimi kwa ajili ya kufundishia, msizichukue kama matokeo ya utafiti wa mtu, lakini zinaoana, ukipiga hesabu zitatoka hivyo hivyo.

Chukulia mwanafunzi anafuga tilapia, ama ngege vile tunaita huku, kwa vizimba vidogo 45 ziwani. Vizimba 15 vinapewa chakula A cha dukani kile kinaelea, 15 vinapewa B ya kuchanganya omena na pumba, na 15 vinapewa C ya funza wa nzi. Mwisho anapima vitu vitatu kwa kila kizimba: wastani wa uzito ulioongezeka kwa gramu, kilo za chakula zilizotumika kupata kilo moja ya samaki, na asilimia ya samaki waliobaki hai. Kumbuka anahesabu vizimba 45 si samaki mmoja mmoja, maana chakula kiligawiwa kwa kizimba, na ukiingiza samaki mia tisa kama mia tisa huru basi kila kitu kitapita na hakuna marekebisho yatakayokuokoa.

Kwa R kazi yenyewe ni mistari michache:

```r
m <- manova(cbind(uzito, chakula_kg, hai) ~ aina, data = d)
summary(m, test = "Wilks")
summary.aov(m)
```

Mstari wa pili unatoa MANOVA yenyewe. Tuseme lamda ya Wilks imetoka 0.64, F(6, 80) = 3.33, p = 0.006. Hapo taja jina la kipimo, usiandike tu "MANOVA ilikuwa na F ya 3.33", kwa sababu kuna vipimo vinne, Pillai, Wilks, Hotelling na Roy, na vikundi vikiwa vitatu vinaweza kutoa F tofauti. R usipoiambia chochote inakupa Pillai, SPSS nayo inakuwekea vyote vinne kwa jedwali moja, kwa hivyo msomaji hawezi kukisia ulichukua ipi. Ukubwa wa athari pia weka, hapa eta mraba ya sehemu ni 0.20, yaani moja toa kipeuo cha pili cha 0.64.

Mstari wa tatu ndo unaleta ANOVA tatu, zote zina digrii 2 na 42. Uzito umetoka F = 5.25, p = 0.0092. Chakula kwa kilo F = 4.24, p = 0.021. Waliobaki hai F = 1.50, p = 0.235. Hizo p ni mbichi kabisa, R haijagusa kitu, na SPSS kwa lile jedwali la "Tests of Between-Subjects Effects" pia haijagusa kitu.

Sasa kuna wale wanasema hakuna haja ya kurekebisha, MANOVA ni mlango, ukishapita mlango uko salama. Hii nimeisikia mara nyingi hata kwa watu waliosoma sana na naomba tuiache, kwa sababu mlango unakulinda tu kama chakula hakijabadilisha kitu chochote kabisa. Lakini fikiria chakula kimebadilisha uzito kweli kweli na hivyo vipimo vingine viwili havijaguswa. Uzito peke yake unaweza kuusukuma mlango ufunguke, halafu vile viwili vinaingia nyuma yake bila kukaguliwa, kila kimoja na nafasi yake ya 5 kwa 100 ya kukudanganya. Kama havitegemeani hiyo ni karibu 10 kwa 100 kwamba angalau kimoja kitakupa tofauti ambayo haipo. Ndo maana marekebisho lazima yafanywe kwa zile ANOVA zenyewe.

Turudi kwa kile kitufe. Kwa SPSS, ukienda kwa Post Hoc ukachagua Bonferroni, ama kwa EM Means ukaweka Bonferroni, unachorekebisha ni ulinganisho wa jozi ndani ya kipimo kimoja: A na B, A na C, B na C kwa uzito, halafu inaanza upya kwa kipimo kinachofuata kana kwamba hicho cha kwanza hakikuwepo. Haijui kwamba umepima vitu vitatu. Kwa hivyo mtu akiandika "Bonferroni ilitumika" na alichofanya ni hicho, basi zile ANOVA tatu bado ni mbichi na sentensi yake imedanganya bila yeye kutaka. Namna ya kujua ni rahisi, angalia p ya ANOVA kwa ripoti yako na ile ya jedwali la softwea. Kama ni zile zile na unazilinganisha na 0.05, hujarekebisha.

Kurekebisha ANOVA tatu kwa Bonferroni unafanya kwa mkono. Ama unagawanya 0.05 kwa 3 upate 0.0167 na kulinganisha p mbichi na hiyo, ama unazidisha kila p kwa 3 na kulinganisha na 0.05 ile ya kawaida. Ni njia mbili za jambo moja, chagua moja. Mwaka juzi nilisoma ripoti ya mtu aliyefanya zote kwa pamoja, alizidisha 0.0092 kwa 3 akapata 0.0276 kisha akailinganisha na 0.0167 na kuandika kwamba uzito haukutofautiana. Alikuwa na matokeo mazuri mkononi na akayatupa, iliniuma sana kwa sababu alikuwa amekaa ziwani miezi. Ndo maana nasisitiza kila p kwa jedwali iandikwe kama ni mbichi ama imerekebishwa, na mpaka uliotumika uwe hapo hapo karibu.

Sasa angalia hii ya pili, chakula kwa kilo, p = 0.021. Kwa Bonferroni haipiti, 0.021 ni kubwa kuliko 0.0167. Lakini kuna njia ya Holm, huyu ni Mswidi aliyeitoa mwaka 1979, inalinda dhidi ya kosa lile lile na haiwezi kuwa kali kuliko Bonferroni. Unapanga p kutoka ndogo hadi kubwa, ya kwanza unailinganisha na 0.05 gawa kwa 3, ikipita ya pili na 0.05 gawa kwa 2, ikipita ya mwisho na 0.05 yenyewe, na pale moja inakwama unasimama hapo hapo, zilizobaki zote zimekwama. Uzito 0.0092 umepita 0.0167. Chakula 0.021 kimepita 0.025. Waliobaki hai 0.235 wamekwama. R inakufanyia:

```r
p.adjust(c(0.0092, 0.021, 0.235), method = "holm")
# 0.0276 0.0420 0.2350
```

Unaona shida iko wapi? Data ni ile ile, kwa Bonferroni umepata kimoja na kwa Holm umepata viwili. Mimi binafsi napendelea Holm na sioni sababu ya kutumia Bonferroni ya kawaida kwa ANOVA za kufuatia, lakini uamuzi huo unafanywa kwenye pendekezo la utafiti kabla samaki hata hajavuliwa. Mtu akiona 0.021 imekwama ndo akakimbilia Holm, hayo si marekebisho tena, ni kutafuta jibu alilotaka. Basi kwa sura ya mbinu andika sentensi moja kama hii: ANOVA tatu za kufuatia zilihesabiwa kama familia moja ya majaribio matatu, na p zake zikarekebishwa kwa njia ya Holm, kiwango cha jumla 0.05. Hapo umetaja njia, idadi, na kiwango.

Na kwa matokeo, ukiandika kwa Kiswahili ama kwa Kizungu mpangilio ni huu:

"Aina ya chakula ilihusiana na tofauti katika vipimo vitatu kwa pamoja, lamda ya Wilks = 0.64, F(6, 80) = 3.33, p = 0.006, eta mraba ya sehemu = 0.20. Baada ya marekebisho ya Holm kwa ANOVA tatu, vikundi vilitofautiana kwa uzito ulioongezeka, F(2, 42) = 5.25, p mbichi = 0.009, p iliyorekebishwa = 0.028, eta mraba = 0.20, na kwa chakula kwa kilo, F(2, 42) = 4.24, p mbichi = 0.021, p iliyorekebishwa = 0.042, eta mraba = 0.17. Hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa tofauti kwa waliobaki hai, F(2, 42) = 1.50, p mbichi na iliyorekebishwa = 0.235, eta mraba = 0.07."

Hiyo ya tatu usiiache nje hata kama haikupita, ukiiacha msomaji atadhani familia ilikuwa ya majaribio mawili na hesabu yako ya Holm haitamtokea.

Halafu weka wastani, maana F haisemi nani alishinda. Tuseme uzito ni gramu 184 kwa A, 166 kwa B na 178 kwa C, na mtawanyiko ndani ya vikundi ni kama gramu 15.5. Kwa Tukey pengo linahitaji kufika kama gramu 14, kwa hivyo A na B ndo wametofautiana, gramu 18, lakini C na B ni 12 tu, haijafika. Hii ni hatua nyingine na ina marekebisho yake, iandike kwa sentensi yake yenyewe, usiichanganye na ile ya Holm.

Kuna kitu kimoja hizi ANOVA hazifanyi hata ukizirekebisha vipi. Zinaangalia kila kipimo kivyake, na uzito na chakula kwa kilo vinaenda pamoja, samaki akinenepa haraka chakula kwa kilo kinashuka. Kwa hivyo usiandike kwamba chakula kimeleta "faida mbili", inaweza kuwa ni faida moja imeonekana mara mbili. Ukitaka kujua hilo angalia uhusiano wa vipimo hivyo ndani ya vikundi, ama fanya uchambuzi wa kitofautishi, ambao ndo unaoendelea na swali lile MANOVA iliuliza.

Na kama umeshamaliza na hukuwa umetaja njia yoyote kwa pendekezo, sema hivyo kwa maneno wazi kwenye sura ya mbinu, toa p mbichi zote tatu, na onyesha kwamba chakula kwa kilo kinapita kwa Holm na kinakwama kwa Bonferroni. Mkaguzi akiwa na zile tatu mbichi atachukua kalamu azidishe mwenyewe.