Tippu Tip "mfanyabiashara wa pembe tu"? Yeye mwenyewe hakusema hivyo

Nafundisha historia hapa Nairobi, darasa la jioni, watu wazima wanaotoka kazini, na kila muhula tukifika karne ya 19 lazima mtu ainue mkono aseme ati Tippu Tip, yule tajiri wa Zanzibar aliyeendesha misafara ya bara, alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu tu, hayo mambo ya watumwa ni wazungu walimpaka matope wapate kisingizio cha kuchukua nchi. Nimeisikia mpaka nimechoka. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba anayesema hivyo hudhani anamtetea mzee dhidi ya wakoloni, kumbe anapingana na mzee mwenyewe.

Ni kweli wazungu walikuwa na sababu zao. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliitangaza Kongo yake kwa jina la kupiga vita utumwa, na tunajua alichowafanyia watu kule baadaye. Sasa hiyo inamaanisha tusiwachukulie wazungu neno kwa neno, sawa kabisa, lakini haimaanishi kijiji hakikuchomwa.

Hebu tuanze na maneno yake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndilo jina lake, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mswahili yeyote anaweza kuyasoma bila mkalimani, na bado watu wanabishana bila kuyafungua. Mle ndani anasimulia safari moja ya kwenda bara, kabla hajawa tajiri mkubwa, akiwa mahali panapoitwa Mkamba, nchi ya Wazaramo. Wapagazi aliokwisha kuwalipa wakamtoroka usiku. Akafanya nini? Akarudi kwenye vijiji vyao, akakamata wazee wao na ndugu zao na yeyote aliyempata, akasema kwa siku tano alipata watu 800, akawafunga pamoja akawarudisha Mkamba wabebe mzigo. Anasema ndipo watu wakamwita Kingugwa, yaani chui, kwa vile chui hachagui anayemrukia.

Tazama vile anavyolisimulia hilo jambo. Halifichi, haombi radhi, anajivunia. Kwake yeye kosa lilikuwa la waliokula mshahara wakakimbia, na kijiji kizima kinadaiwa. Sisi tunaosoma ndio tunapaswa kuuliza mbona mtu ambaye hakuchukua hata senti ya Tippu Tip anafungwa kwa sababu binamu yake alichukua. Mzaramo yule hakuandika kitabu, lakini ushahidi wake umo humo humo ndani ya majigambo ya aliyemfunga, na ushahidi wa namna hii mimi nauamini kuliko wa mmishonari yeyote, manake mtu hajisingizii.

Sasa twende kwa Nsama, mwaka 1867, maana hapa ndipo hoja ya "pembe tu" inapovunjika kabisa. Nsama alikuwa mtawala wa Itabwa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, mzee sana lakini akiogopwa nchi nzima, na alikuwa amewahi kuua na kupora misafara ya wafanyabiashara. Tippu Tip anasema alikwenda kwa amani kununua pembe, wakamwita ndani ya boma waonyeshwe, mara mishale ikaanza, yeye mwenyewe akajeruhiwa, bunduki zikajibu, watu wengi wakafa papo hapo na wengine wakakimbia. Halafu anaorodhesha alichokipata mjini, na hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi watoe kalamu: pembe frasila 1,950 na shaba frasila 700, bila kuhesabu chumvi.

Frasila moja ni kama kilo 16. Kwa hivyo pembe peke yake ni tani 31 hivi, na shaba tani 11. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, zaidi ya nusu ya mfuko wa simiti kichwani, siku baada ya siku. Gawanya. Utapata mizigo zaidi ya 1,300, na kutoka Itabwa mpaka pwani ni kilomita kama elfu moja, hakuna punda wala ng'ombe wa kubeba kwa sababu ya ndorobo. Alikuwa na wapagazi waliomletea vitambaa na shanga, ni kweli, na sitaki mtu aseme nimeficha, Wanyamwezi wengi walikuwa watu huru wa kuajiriwa ambao ndio walikuwa uti wa mgongo wa biashara yote ya bara. Lakini mzigo ukiongezeka ghafla hivyo katikati ya pori, na nchi imeshakimbia vita, vichwa vya ziada vinatoka wapi? Vinatoka kwa mateka, na yeye mwenyewe anawataja watumwa miongoni mwa nyara bila kupepesa jicho. Pembe na watumwa hazikuwa biashara mbili ambapo mtu anachagua moja aache nyingine, mateka alibeba pembe, au alikombolewa kwa pembe, au alilima chakula cha msafara wa kutafuta pembe.

Na ile habari kwamba Nsama ndiye aliyeanza? Hapa tuwe waangalifu pande zote. Shahidi wa pili tuliye naye ni Livingstone, mmishonari na msafiri Mskoti, ambaye alikuwa maeneo hayo hayo na alikwama zaidi ya miezi mitatu akingoja vita vitulie na amani ifungwe, amani ambayo ilitiwa muhuri kwa binti wa Nsama kuozwa kwa mmoja wa Waarabu. Watu wanamtumia Livingstone kama hakimu asiye na upande. Lakini Livingstone wakati huo alikuwa mgonjwa, hana mali, anakula kwa hisani ya Waarabu hao hao, Tippu Tip alimpa mbuzi na nguo na shanga, kwa hivyo stori ya jinsi vita vilivyoanza aliipata zaidi kwa washindi. Majirani nao, wengi walikuwa wameonewa na Nsama miaka mingi, hawakuwa na sababu ya kumtetea. Mimi nachukua hivi: kwamba kulikuwa na mapigano, na kwamba nyara zilikuwa kubwa kupita kiasi, hilo pande zote zinakubali. Nani alirusha wa kwanza, huo ni usemi wa upande mmoja, na ukiandika mtihani wangu uandike hivyo.

Kwa mateka wenyewe tuna Disasi Makulo. Mtoto wa pande za Basoko, Kongo, alikamatwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na watu ambao wenyeji waliwaita Batambatamba, akanunuliwa na Stanley, msafiri aliyekuwa akimfanyia Leopold kazi, mwaka 1883, akaja kulelewa na mmishonari Grenfell, akawa mhubiri, na kabla ya kufariki 1941 aliwasimulia wanawe maisha yake. Anaeleza kuvamiwa, watu kuuawa, watoto na wanawake kuchukuliwa, na kwake mwenye hayo yote ni Tippu Tip.

Sasa mlinganishe na Stanley. Yeye alipoikuta kambi ya wavamizi mwishoni mwa 1883 alikadiria mateka 2,300, karibu wote wanawake na watoto, lakini aliandika kwamba waliotuma kile kikosi ni watu wa Abed bin Salim, mfanyabiashara wa Nyangwe, mji wa Kongo ya mashariki. Tippu Tip mwenyewe katika kipindi hicho alikuwa ameshuka Zanzibar na ndiyo kwanza anarudi bara. Je, Disasi alidanganya? Hapana. Mtoto aliyefungwa kamba shingoni haonyeshwi karatasi za tajiri, anasikia jina kubwa linalotajwa kambini na anakua nalo. Kuhusu yaliyompata mwili wake na kijiji chake Disasi ndiye shahidi bora kuliko wote. Kuhusu nani hasa aliyetoa mtaji wa bunduki za siku ile, hapo namwendea Stanley, na hata Stanley namwangalia kwa jicho moja kwa sababu alikuwa na biashara yake na Leopold. Kila shahidi umuulize kile alichokuwa mahali pa kukiona, ndiyo ninayowapigia kelele kila wiki.

Na hapo naingia kwenye dhana ya upande wa pili, maana wapo pia wanaomtwika kila damu iliyomwagika Manyema, ile nchi inayouzunguka Nyangwe. Mauaji ya sokoni Nyangwe, 15 Julai 1871, yale ambayo Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400, yalifanywa na watu wa mfanyabiashara mwingine, Dugumbe. Tippu Tip hakuwepo, alifika Nyangwe 1874. Acheni kumwongezea, aliyoyafanya yanatosha.

Nyingine: ati alikuwa mjukuu halali wa watawala wa Utetera, nchi moja ya Kongo. Hii ni ya kwake mwenyewe. Alisikia kwamba dada za mtawala Kasongo Rushie waliwahi kutekwa zamani, akadai mmoja wao ndiye bibi yake mzaa mama, na mzee Kasongo akamwachia utawala, na pamoja na utawala haki ya pembe za nchi. Mama yake kwa kweli alitoka ukoo wa Kiarabu wa Maskati. Anavyoisimulia unaona ni hila iliyofaulu, na iliwagharimu watu wa Utetera kuliko vita.

Na ile kwamba alikuwa shujaa aliyepigana na Wabelgiji, hapana. Februari 1887, Zanzibar, alikubali kuwa wali wa Stanley Falls chini ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Vita vya Waarabu na watu wa Leopold vilipowaka 1892 yeye alikuwa ameshaondoka bara, aliyepigana ni mwanawe Sefu, akauawa 1893. Baba yake aliishi Zanzibar mpaka Juni 1905, akafa kwa malaria, na ni katika miaka hiyo ya kustarehe, sheria ya Zanzibar ikiwa haiutambui tena utumwa tangu 1897, ndipo alipokaa akaandika habari za wale Wazaramo 800 bila kuona haja ya kuzipunguza.